Kuandika kwa mkono mmoja wa kulia: QWERTY au Dvorak?

QWERTY, mpangilio wa kawaida wa herufi kwenye kibodi, haidai ubadilishe chochote. Kidole cha shahada kinakaa F, cha kati G, cha pete H, cha mwisho J, kisha kila safari inaanzia na kurudi hapo. F na J zina vinundu, hivyo unajipanga bila kutazama. Sogeza kibodi hadi herufi hizo ziwe mbele ya bega la kulia. Ikibaki katikati, kifundo cha mkono kinapinda na kuuma.

Dvorak ya mkono wa kulia, mpangilio mwingine wa herufi kwenye vitufe vilevile, imo ndani ya Windows. Hapo F inatoa a, G e, H h, J t. Kwa Kiswahili, kuipata a chini ya kidole ni nafuu kubwa: kwenye QWERTY, kidole cha shahada kinaruka vitufe vitatu kuifuata.

Andika "nataka" kwa Dvorak: a zote tatu hazihamishi kidole. Lakini k iko kwenye kitufe cha nukta mkato, mbali na kidole cha mwisho, na Kiswahili kina k nyingi. Maandishi ya vitufe nayo hayalingani tena, jambo linalomchosha aliyepata kiharusi akaathirika kumbukumbu au uoni.

Huyo abaki na QWERTY. Anayeandika kurasa nyingi kila siku, kwenye kompyuta yake mwenyewe, namshauri Dvorak.

Kwa zote mbili, kwenye Windows bonyeza Shift mara tano, kisha ukubali kuwasha Sticky Keys, inayokuruhusu kubonyeza vitufe kimoja kimoja: ili kunakili, bonyeza Ctrl kwanza, kitufe kinachotoa c baadaye.