Msaada wa kompyuta au data: karani wa stoo aanzie wapi?

Karani wa stoo anayetaka kuhamia kazi za kompyuta ana njia mbili: msaada wa kompyuta au data. Usaili wa kazi ya msaada wa kompyuta hupima utatuzi wa matatizo. Mtumiaji hana intaneti: kagua kebo, kisha fungua Command Prompt ya Windows na uandike `ipconfig`. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na mtandao, kwa hiyo kuhangaika na kivinjari ni kupoteza muda. Haya unajifunza nyumbani kwa kompyuta moja.

Kazi ya data hudai ushahidi, na karani anao: daftari la stoo. Aliingize kwenye Excel, akibadilisha majina na bei za mwajiri ili kulinda siri, kisha akague tarehe. Iliyoegemea kushoto mwa kisanduku mara nyingi ni maandishi tu, na jumla ya mwezi inaweza kuiacha. Ningekuwa karani huyo, ningeanzia kwenye data, nikiomba nafasi kwenye kampuni za usambazaji, ambako tayari ningejua mzigo hupotelea wapi.