Namba tano za kila Jumatatu, na ile moja iliyomwita mpishi wangu mwizi

Ukitengenezewa dashibodi ya mkahawa, kabla hujatoa hata shilingi, uliza hesabu ya stoo imeingizwa wapi. Mimi nilitengenezewa majuzi, ya mkahawa wangu hapa Ngara, na kijana aliyenitengenezea hakuiingiza popote. Kwa ajili ya hilo alisimama jikoni kwangu, wahudumu wakisikia, akamwambia mpishi wangu, "Mzee, hapa kuna mtu anakula mali ya Mama." Mzee ana umri wa kumzaa. Hakujibu kitu. Alifuta mikono, akatoka nje. Hata sasa nikikumbuka damu inanichemka.

Nisimwonee lakini, kazi yenyewe ina uzuri wake. Nilitaka namba tano tu za kuangalia Jumatatu asubuhi kabla sijaongea na mtu: mauzo ya wiki, gharama ya chakula kwa kila mia ya mauzo, mishahara kwa kila mia, wastani wa bili kwa mteja mmoja, na tofauti kati ya mauzo ya mashine na pesa iliyofika kweli, yaani taslimu pamoja na Lipa na M-Pesa. Alizipanga kwenye Google Sheets, namba kubwa, ukurasa mmoja, zinasomeka kwenye simu bila kuvutavuta. Pembeni ya kila namba kuna ya wiki iliyopita. Kwa hilo nampa heko.

Tatizo ni namba ya pili. Wiki moja ilisoma 22. Nikafurahi, kwani mkahawa unaouza biriani na mbuzi ukipata 22 ni muujiza. Wiki iliyofuata ikaruka hadi 38, kiboksi kikawa chekundu, na kijana akaja mbio na hukumu yake mkononi. Menyu ilikuwa ileile. Bei ya nyama kule soko la Burma haikuwa imepanda. Wateja walikuwa walewale. Mtu anayeijua kazi hii akiona asilimia inaruka hivyo bila bei kubadilika, hamtafuti mwizi kwanza, anaitafuta stoo.

Nilifungua seli nikaona alichofanya:

```
=C3/C2
```

C3 ni manunuzi ya wiki, C2 ni mauzo yote yaliyopita kwenye mashine. Basi. Yaani kila nilichonunua amekihesabu kuwa kimeliwa wiki hiyohiyo. Sasa tazameni kilichotokea. Wiki ile ya 22 tulianza na vitu vya 95,000 kwenye stoo, maana mchele wa Mwea na mafuta tulikuwa tumeshanunua mapema. Tukanunua vya 130,000, na Jumapili usiku vikabaki vya 45,000. Chakula kilichotumika ni 95,000 kuongeza 130,000 kutoa 45,000, yaani 180,000. Wiki ya pili tulianza na hivyo vya 45,000, tukanunua vya 225,000 kwa sababu tulikuwa na oda ya harusi wiki iliyofuata, na vikabaki vya 90,000. Fanya hesabu: 180,000 tena. Jiko lilitumia kiasi kilekile wiki zote mbili! Kilichoruka ni magunia kuingia stoo, na magunia hayo yalikuwa pale pale, yamepangwa ukutani. Angegeuza shingo angeyaona.

Kosa la pili limejificha zaidi, na ndilo lingeniumiza polepole. Mashine ilisoma 590,000 wiki zote mbili. Lakini bei za menyu yangu zimeshabeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Pesa hiyo si yangu, napita nayo tu; ya kodi lazima ifike KRA kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Ukigawa 590,000 kwa 1.18 unapata 500,000, na hayo ndiyo mauzo yangu. Gharama halisi ni 180,000 kwa 500,000, yaani asilimia 36. Hata angekumbuka stoo, kwa kugawa na 590,000 angeniambia 30 na nusu, nami ningekaa nikidhani bei ya biriani inatosha kumbe haitoshi. Hesabu inayofaa, C4 ikiwa stoo ya mwanzo na C5 stoo ya mwisho, ni hii:

```
=(C4+C3-C5)/(C2/1.18)
```

Mstari mmoja tu! Nilimpigia simu nikamweleza taratibu. Jibu lake: "Mama, hiyo ni kazi ya mhasibu wako, mimi naweka data mnayonipa." Kumbe kumshtaki mzee wa watu ilikuwa kazi ya nani?

Na kama wizi ndio ulimtia wasiwasi, kuna njia ya kuupima, na asilimia ya jumla siyo njia hiyo. Hata ikiwa sahihi, namba hiyo haitenganishi wizi na chakula kilichoharibika, wala na chakula cha wafanyakazi. Unachukua kitu kimoja cha bei, unakihesabu kwa kilo. Nilichukua nyama ya mbuzi. Sahani yetu moja inaingia gramu 200 mbichi. Mashine ilionyesha sahani 300 wiki hiyo, kwa hiyo ilipaswa kutumika kilo 60. Nikapima stoo kwa mzani, nikatazama daftari la Mzee la mapokezi, ikatoka kilo 63. Kilo tatu kwa wiki nzima ni mafuta na mifupa inayokatwa. Hakuna mwizi hapo. Daftari lake, la kalamu na karatasi, lilikuwa na ukweli kuliko kiboksi chekundu.

Sasa tunahesabu stoo kila Jumapili usiku baada ya kufunga, hata kama ni usiku wa manane. Hatuhesabu kila kitu, chumvi na binzari tunaacha. Tunahesabu nyama, kuku, samaki, mchele, unga, mafuta, na vichache vingine vinavyobeba pesa nyingi. Anayehesabu si anayepika, na Mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo. Namba sasa inacheza kati ya 35 na 37, na ikitoka hapo ninauliza bei ya soko kabla ya kuuliza mtu.

Je, ningemwambia mwenzangu amtafute kijana huyu? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua kusema hapana. Lakini ile namba ya tano, ya pesa iliyofika, imenisaidia kweli: ilinionyesha malipo ya mchana mmoja yaliyokuwa yakiingia kwenye simu ya mhudumu badala ya namba yetu ya Lipa na M-Pesa. Bila dashibodi nisingeona. Wastani wa bili nao ninautazama kila wiki. Kwa hiyo namba nne kati ya tano ni nzuri, basi mchukueni, ila hesabu ya chakula andikeni wenyewe.

Hapana, ngoja. Mtu anayeweza kuandika namba nne vizuri alikuwa na akili ya kuuliza swali moja kuhusu ile ya chakula kabla ya kufungua mdomo mbele ya wafanyakazi. Mzee alikaa nyumbani siku mbili, na wapishi wa biriani wa kiwango chake Nairobi hii wanagombaniwa. Salio la malipo ya kijana bado ninalo. Nimemtumia ujumbe kwamba atalipwa lote, siku atakapokuja jikoni saa ile wahudumu wote wapo, amwombe Mzee radhi kwa sauti ileile aliyomshtaki nayo. Ameusoma. Hajajibu.