Stringi za tenisi: poli, nailoni au utumbo, ipi ununue kama sio Nadal

Ukienda kwa fundi wa raketi siku hizi swali la kwanza ni "nikuwekee poli?", yaani stringi ya poliesta, na wengi tunajibu weka, kwa sababu Nadal alikuwa anatumia poli ya RPM Blast na kila kijana pale uwanjani anayo. Sasa mimi naongea na wewe unayecheza mara mbili kwa wiki baada ya kazi, singo kidogo, dabo nyingi, na hujakata stringi tangu mwaka jana. Kwako nazipanga hivi: namba moja nailoni, namba mbili utumbo (ndio, pamoja na bei yake), namba tatu mchanganyiko, na poli tupu ndio ya mwisho kabisa. Subiri usitukane kwanza.

Tuanze na spini maana ndio inayouza poli. Mpira ukigusa raketi unakaa pale kama milisekunde 5 tu, na ukipiga kwa kupandisha, stringi za wima zinasukumwa pembeni halafu zinarudi mahali pake kwa nguvu mpira ukiwa bado haujaondoka, huko kurudi ndiko kunakoongeza mzunguko. Poli ni ngumu na inateleza, kwa hiyo inarudi vizuri sana. Nailoni laini inashikana na ya mlalo, ikisogea inabaki hapohapo, ndio maana unawaona watu kila baada ya pointi wanazinyoosha kwa vidole. Hii habari ya stringi kusogea sio mpya, 1977 kulikuwa na raketi ya "tambi" iliyofungwa stringi mbilimbili ili zisogee zinavyotaka, Nastase akamchezea nayo Vilas kule Aix-en-Provence, Vilas akasusa mechi katikati, na shirikisho la dunia likaipiga marufuku. Poli ilikuja kufanya kitu cha namna hiyohiyo kihalali, na dunia ilishtuka 1997 pale Kuerten, ambaye hata hakuwa kwenye orodha ya vinara wa mashindano, alipobeba Roland Garros na stringi za Luxilon za Wabelgiji.

Ila hiyo spini inataka mkono wa kasi. Kama swingi yako ni fupi na unapiga flati, stringi hazisogei vya kutosha, kwa hiyo unabaki na ugumu wake tu, na ugumu unaenda kwenye kiwiko.

Halafu kuna hili ambalo fundi wengi hawalisemi: poli inakufa kabla haijakatika. Inapoteza mkazo haraka, na baada ya saa 10 mpaka 15 hivi za kucheza imeshalegea na imechoka, japo ukiitazama iko nzima kabisa. Utaijuaje? Mpira unaanza kupaa nje kwa shoti ileile uliyokuwa unaiingiza, sauti inakuwa butu, na sukuma stringi moja ya wima pembeni kwa kidole uiachie, mpya inaruka kurudi, iliyokufa inabaki imepinda au inarudi kwa uvivu. Pia angalia pale zinapopishana, kukiwa na mikwaruzo iliyochimbika ujue kuteleza kumeisha, yaani spini uliyolipia haipo tena. Maprofesheno hawana shida hiyo, wao wanafungiwa stringi mpya kila mechi.

Chukua jamaa mmoja tunayecheza naye, namwacha bila jina. Saa moja na nusu mara mbili kwa wiki, hiyo ni kama saa 12 kwa mwezi. Akitaka poli iliyo hai inabidi aikate kila mwezi, seti 12 kwa mwaka, na poli nzuri ni kama dola 15, hiyo ni 180 kabla hujamlipa fundi mara 12. Sintetiki ya kawaida ya nailoni ni kama dola 8, akibadilisha kila miezi mitatu ni 32 kwa mwaka mzima. Sasa utumbo, seti ni kama 45, unashika mkazo kuliko kitu chochote kile mpaka siku unakatika, tuseme kwake ukae miezi sita, basi ni seti mbili, dola 90. Umeona? Stringi ya "matajiri" imekuwa nusu ya bei ya poli inayotunzwa inavyotakiwa. Yeye alikuwa na poli ileile mwaka mzima na analalamika kiwiko.

Nailoni iko ya aina mbili. Sintetiki, ina kiini kimoja kinene na nyuzi ndogo zimezungushiwa, rahisi, inatosha kabisa kwa anayeanza. Malti ni nyuzi mamia zimeunganishwa pamoja, Wilson NXT au X-One Biphase za Tecnifibre, laini kwenye mkono, zinarusha mpira bila wewe kujikamua, bei ni kama mara mbili ya sintetiki au zaidi. Ubaya wa malti inaanza kutoa manyoya, ukiyaona ujue imebakiza siku. Mwenye kiwiko kibovu achukue hii asiumize kichwa.

Utumbo ni utumbo kweli, wa ng'ombe, Babolat wa Lyon walianza kuutengeneza 1875 na mpaka leo hakuna aliyeufikia kwa hisia, mpira unazama halafu unatoka na nguvu yote. Kwa spini upo katikati, ukiwa mpya unateleza vizuri tu. Adui yake ni maji. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, jasho na hewa ya unyevu vinauvimbisha na unaanza kufumuka, kwa hiyo usiuchezee kwenye manyunyu na raketi ikae kwenye begi linalofungwa. Nairobi unadumu zaidi. Na kama wewe ni wa topspini nzito au unapiga pembeni ya fremu sana, achana nao, utalia.

Mchanganyiko ndio ujanja wa Federer, utumbo wima na Luxilon mlalo. Za wima ndizo zinazoamua hisia kwa sehemu kubwa, kwa hiyo huo ni laini lakini bado zinateleza. Toleo la maskini ni poli wima na sintetiki mlalo, spini unapata, inadumu, ila bado ngumu kiasi na poli yake inakufa vilevile.

Poli tupu ni ya nani basi? Anayekata nailoni kila baada ya wiki mbili tatu. Huyo anaua stringi kabla hazijachoka, kwake poli ni akiba. Kama hukati, unalipia uimara usiouhitaji.

Unene usikusumbue sana, milimita 1.30 inadumu, 1.25 ina spini na hisia zaidi kidogo. Kikubwa ni mkazo: kama nailoni unafunga paundi 55, poli mwambie fundi aweke 50, usikubali akuwekee ileile "kwa mazoea". Na akimaliza mwambie aandike tarehe na paundi kwenye kikaratasi akibandike ndani ya koo la raketi, halafu usiiache kwenye buti la gari juani, maana joto linalegeza zote, hata hiyo ya dola 45.