Mfumo wa kupokea malalamiko ya mitandaoni: chaguo nne nilizozipima kwa duka la Kigoma

Duka ninalolihudumia lipo Mwanga, Kigoma mjini. Linauza friji, televisheni na vifaa vya sola, na mizigo mingi hupandishwa gari kwenda Kasulu, Kibondo na Uvinza. Mteja wa Kibondo hawezi kuja kusimama kaunta, kwa hiyo analalamika kwa simu: leo kwenye komenti za Instagram, kesho inboksi ya Facebook, keshokutwa WhatsApp. Wajibuji ni watatu. Kila mmoja akidhani mwenzake ameshajibu, mteja anabaki na friji isiyogandisha.

Kabla sijataja mfumo wowote, nieleze kipimo nilichotumia, kwa sababu wauzaji wote watakuambia kwamba programu yao inapima muda wa kujibu. Muda gani hasa?

Chukua lalamiko moja. Jumamosi saa 11:40 jioni mteja anaandika: “Kaka, friji mliyonitumia Kasulu haigandishi tangu juzi.” Duka linafungwa saa 12 jioni na kufunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi. Anajibiwa Jumatatu saa 2:30. Kwa saa ya ukutani amesubiri saa 38 na dakika 50. Kwa saa za kazi tu ni dakika 50: ishirini za Jumamosi na thelathini za Jumatatu. Namba zote mbili ni za kweli. Ya pili ndiyo ya haki unapompima mfanyakazi, lakini ya kwanza ndiyo aliyoiishi mteja, nyama ikiharibika. Mfumo usioweza kukuonyesha zote mbili utakufanya umwonee mmoja wao.

Kisha kuna jibu la otomatiki, ule ujumbe wa “Asante, tutakujibu hivi punde”. Ukihesabiwa kama jibu la kwanza, ripoti itasema duka zima linajibu kwa sekunde mbili. Jaribu kabla ya kulipa: washa jibu la otomatiki, tuma lalamiko kwa simu nyingine, kaa dakika 20, ujibu kwa mkono, halafu fungua ripoti. Ikionyesha karibu dakika 20, endelea na mazungumzo na muuzaji. Ikionyesha sifuri, mfumo huo haupimi kinachokuhusu.

Ya kwanza: Chatwoot ya kulipia, inayoendeshwa kwenye seva za kampuni ya Chatwoot yenyewe

Kwa duka lenye wajibuji watatu au zaidi, hii ndiyo ningenunua. Meseji za Facebook, Instagram na WhatsApp zinaingia foleni moja, kila mazungumzo yanapewa mtu mmoja, na jina lake linaonekana kwa wenzake. Kwenye ripoti kuna `First Response Time` na `Resolution Time`, pamoja na kitufe cha `Business Hours` kinachobadilisha hesabu kutoka saa ya ukutani kwenda saa za kazi. Weka kwanza saa za kazi kwenye kila inboksi, vinginevyo kitufe hicho hakitakuwa na cha kuhesabia.

Chatwoot ni programu huria, na unaweza kuiweka bure kwenye seva yako. Watu wengi hapo ndipo wanapovutiwa, na hapo ndipo wanapokwama. Seva ya kukodi, isiyopungua GB 4 za RAM, ni sehemu rahisi. Ugumu ni kwamba kuiunganisha na Facebook na Instagram kunakutaka uwe na app yako mwenyewe kwa Meta, ikaguliwe, na biashara yako ithibitishwe kwa nyaraka. Kama huna cheti cha BRELA wala fundi wa kudumu, lipia ile iliyokwisha kuunganishwa.

Kasoro yake kubwa: inaleta meseji, haileti komenti za chini ya picha. Kwa hiyo mtu mmoja lazima apitie komenti asubuhi na jioni. Akikuta lalamiko, ajibu hadharani kwa sentensi moja, kisha amwandikie mteja faraghani kutoka kwenye komenti hiyohiyo. Meta inaruhusu ujumbe mmoja tu wa namna hiyo, ndani ya siku 7 tangu komenti iandikwe. Mteja akiujibu, mazungumzo yanakuwa ya kawaida na yanaingia foleni. Usifute komenti yake. Atarudi na ndugu zake.

Kwenye WhatsApp, uliza swali moja kabla ya kusaini: namba ya duka itaendelea kutumika kwenye simu, au itahamia kwenye mfumo moja kwa moja? Ikihamia, ujue kuna dirisha la saa 24 linaloanza kila mteja anapoandika. Likifungwa, hutaweza kuandika unachotaka. Utatuma tu ujumbe wa kiolezo uliokubaliwa na Meta mapema. Yule mteja wa friji, dirisha lake lilifungwa Jumapili saa 11:40 jioni. Jumatatu asubuhi kijana wetu angekuta hawezi hata kumwandikia “pole”. Ndiyo maana saa ya ukutani isipuuzwe: mfanyakazi wa dakika 50 hana kosa, ila duka linahitaji zamu fupi ya Jumapili mchana.

Ya pili: Meta Business Suite pamoja na Google Sheets

Kama malalamiko hayazidi kumi kwa siku, anza hapa, na usione haya. Suite ni bure, inaleta meseji na komenti za Facebook na Instagram pamoja, na unaweza kumkabidhi mtu mazungumzo. Muda utaupima mwenyewe kwenye jedwali: safu A ni tarehe na saa lalamiko lilipoingia, B ni jibu la kwanza la mtu, na C inahesabu dakika.

```
=IF(B2="","",(B2-A2)*1440)
=MEDIAN(C2:C200)
=COUNT(A2:A200)-COUNT(B2:B200)
```

Mstari wa kwanza ni wa safu C. Wa pili unatoa namba ya katikati. Malalamiko matano yakijibiwa kwa dakika 8, 12, 15, 20 na 840, wastani ni dakika 179, wakati hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri hivyo. Ya katikati ni 15. Chatwoot yenyewe inakupa wastani, kwa hiyo hapa jedwali linaishinda. Lakini ile 840 usiiache ipotee. Isome na uulize ilikuwa ya nani.

Mstari wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote. Unahesabu wasiojibiwa. Lalamiko lisilo na jibu halina dakika, kwa hiyo haliingii kwenye namba ya katikati, na duka linalowapuuza wateja wagumu linaweza kuonekana jepesi sana. Zisome namba hizi mbili pamoja kila Jumatatu.

Ya tatu: Zendesk

Ni mfumo mzuri, na una sera za muda zinazokuonya kabla lalamiko halijachelewa. Ila unalipa kwa dola, kwa kila mjibuji, kila mwezi. Duka la watu watatu litanunua vingi lisivyovitumia. Ukifika wajibuji kumi, ufikirie upya.

Ya nne: simu moja yenye WhatsApp Business

Lebo na majibu ya haraka yanasaidia, na unaweza kuunganisha hadi vifaa vinne vingine kwenye namba hiyo. Lakini haigusi Facebook wala Instagram, na haikuambii mteja alisubiri muda gani kabla ya kujibiwa. Kwa muuza dagaa wa Kibirizi anayejibu mwenyewe, inatosha. Siku atakapoajiri mtu wa pili kujibu, afungue jedwali lile siku hiyohiyo.