Kukagua mikoba ya Louis Vuitton kwa picha kabla ya kutoa hela: uzoefu wangu

Nina duka dogo la rehani hapa Dar es Salaam. Simu na laptopu ndizo zinazoleta wateja wengi, lakini siku hizi mikoba ya majina makubwa nayo inakuja kuwekwa bondi, na anayeileta huwa anataka hela ya maana. Kwa Louis Vuitton nilikuwa naogopa, nakataa karibu yote. Baadaye nikajiunga na huduma moja ya mtandaoni ambayo unawatumia picha, mtaalamu wao anazipitia na kukujibu kama mzigo ni orijino, feki, au hawezi kuamua. Unalipia kila mkoba. Jina lake silitaji kwa sababu huduma za aina hii ziko nyingi na zinafanana. Nataka kueleza utaratibu wenyewe, maana faida yake niliipata kwenye kupiga picha kabla hata jibu halijarudi.

Nitazungumzia aina moja tu ya mkoba wao, Speedy ya turubai ya Monogram, ile iliyojaa herufi za LV, ndiyo inayoletwa sana kwangu.

Mteja akinipigia simu namwomba kwanza anitumie picha mbili, ya mbele na ya nyuma, na pembeni ya mkoba aweke karatasi aliyoiandika tarehe ya leo kwa mkono. Wapo wanaochukua picha za mkoba wa mtu mwingine mtandaoni, kisha wanafika dukani na kitu tofauti kabisa. Hizo mbili zinanipa pia kipimo cha kwanza: turubai ya Speedy hukatwa kipande kimoja kinachopita chini ya mkoba bila mshono, kwa hiyo herufi za LV zikisimama sawasawa upande mmoja, upande wa pili lazima ziwe kichwa chini. Feki za bei chee huunganishwa kwa mshono chini, herufi zikasimama vizuri pande zote mbili. Mkoba wa namna hiyo namwambia mteja asijisumbue na nauli. Ila feki nzuri zinajua siri hii, kwa hiyo kupita hapa hakuthibitishi kitu.

Akifika, nauweka mkoba mezani karibu na dirisha, mahali jua haliingii moja kwa moja. Flashi nazima, kioo cha kamera nakifuta. Naupiga mkoba picha mbele ya mteja, hakuna kwenda nao chumba cha nyuma. Napiga mkoba mzima, chini, kona, mishono ya vipini, zipu, chapa ya ngozi na namba ya utengenezaji ndani.

Chapa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Maandishi yamegandamizwa kwenye ngozi, na ukipiga picha kwa mwanga wa juu yanaonekana bapa, huyaoni kina. Dawa yake ni kuchukua tochi ya simu ya pili na kuilaza pembeni, karibu usawa wa ngozi, ili kila herufi itupe kivuli. Hapo utaona kama mstari wa herufi ni mwembamba na safi au umevimba, na kama O ni duara kamili. Kwenye chapa halisi O ni ya mviringo hasa, na mguu wa L ni mfupi. O ikiwa kama yai, mimi tayari nimeshaanza kurudisha mkoba kwenye mfuko wake.

Halafu namba. Kwa mikoba ya 2007 hadi mwanzoni mwa 2021 huwa herufi mbili na tarakimu nne, zimepigwa kwenye kipande kidogo cha ngozi ndani. Tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. Tangu Machi 2021 kampuni iliacha namba hizi ikaweka chipu, kwa hiyo anayesema mkoba wake ulitengenezwa mwaka jana huku una namba ya aina hii ana maswali ya kujibu.

Nichukue mfano mmoja. Alikuja mama mtu mzima, nikamwamkia, akatoa Speedy 30 aliyosema mwanawe alimnunulia Paris 2018. Ndani imeandikwa CA4128. Ukisoma kwa kanuni ile: 4 na 2, wiki ya 42, 1 na 8, mwaka 2018. Inaendana kabisa na maelezo yake. Lakini chapa ya nje imeandikwa made in France, na CA ni herufi za kiwanda cha Hispania. Kununua Paris si hoja, maana mikoba iliyotengenezwa Hispania huuzwa Paris pia. Hoja ni kwamba chapa na namba za mkoba uleule hazikubaliani. Orodha ya herufi za viwanda haikutolewa na kampuni, imekusanywa na wapenzi wa mikoba kwa miaka mingi, na zipo herufi zinazotumika kwa nchi zaidi ya moja, ndiyo maana nilituma picha badala ya kuamua peke yangu.

Jibu lilirudi jioni: feki. Walitaja mgongano uleule, wakaongeza nisichokitilia maanani: vipini. Ngozi ya vipini haipakwi kinga, hivyo jua na mafuta ya mikono huigeuza rangi ya asali kisha kahawia. Vipini vya mama vilikuwa vyeupe-njano sawasawa kote, hata pale vidole vinaposhika, wakati kona za chini zilikuwa zimechubuka. Mkoba uliotembea kiasi hicho usingekuwa na vipini vya namna ile.

Mama aliporudi nilimwambia tu, "Mama, mkoba huu duka langu haliupokei." Neno feki sikulitamka, na huduma yenyewe inashauri hivyo. Huenda mwanawe naye aliuziwa.

Sasa malalamiko. Jibu la "hatuwezi kuamua" linakuja mara nyingi kuliko nilivyotarajia, hasa kwa mikoba mikongwe ambayo namba imefutika, na wanakutoza vilevile. Mara ya kwanza kosa lilikuwa la njia niliyotumia: picha zilipitia WhatsApp kwa kawaida, zikabanwa, mishono ikawa ukungu. Tuma kama hati, siyo kama picha, au zipakie moja kwa moja kwenye ukurasa wao. Muda nao ni tatizo. Mwenye shida ya ada ya shule hasubiri hadi jioni, nimeshawapoteza wateja wazuri kwa duka la jirani ambalo linaamua kwa kushika tu.

Kuna ambacho picha haifiki kabisa: uzito wa zipu, harufu ya gundi, chipu. Louis Vuitton wenyewe hawatoi huduma ya kuthibitisha mikoba ya maduka kama yetu. Na picha haikwambii kama mkoba ni wa wizi, kwa hiyo nakala ya kitambulisho na sahihi ya mwenye mali nachukua hata jibu likija orijino.

Naipa huduma nyota tatu na nusu. Kwa kukataa naiamini sana. Kwa kukubali, natoa hela kidogo kuliko mtaalamu anavyokadiria thamani, na mkoba unaovuka milioni mbili nautuma kwa watu wawili tofauti. Wakitofautiana, siuchukui.