Kuchora saa na kunakili maumbo: uzoefu wangu na wagonjwa wa kiharusi

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, na wagonjwa wangu wengi wamepata kiharusi. Kipimo ninachokitumia kuliko vyote hakina hata betri: karatasi tupu, penseli na maelekezo mafupi. Chora uso wa saa, weka namba zote, halafu weka mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mgonjwa akimaliza namwekea saa iliyokwisha kuchorwa ainakili, kisha mchemraba, kisha maua mawili yaliyosimama pamoja kwenye chungu kimoja. Nitaeleza panaponisaidia na panaponidanganya.

Nianze na alama, maana hapo ndipo wengi wanapoishia. Kwenye MoCA, kipimo kifupi cha uwezo wa akili, saa ina alama 3: moja ya duara, moja ya namba, moja ya mishale. Zinatosha kukuambia kuna shida. Hazikuambii shida iko wapi, kwa sababu wagonjwa wawili wanaweza kupata 1 kati ya 3 na kila mmoja akawa ameumia sehemu tofauti kabisa ya ubongo. Edith Kaplan, mwanasaikolojia wa Boston, alishikilia kwamba tuangalie namna mtu anavyofika kwenye kosa, na kwa kipimo hiki naona alikuwa sahihi mno. Karatasi niliyoletewa na mwenzangu, bila mimi kuwepo wakati inachorwa, huwa naiamini nusu tu.

Mfano mzuri ni mzee mmoja fundi cherehani, mkono wake wa kushoto ukiwa umelegea. Alizungumza vizuri, alinitania hata kuhusu mshono wa koti langu. Duara lake lilikuwa safi. Akaanza na 12 juu, akashuka 1, 2, 3, na alipofika 6 chini hakuvuka kwenda kushoto. Akazibana 7 hadi 11 ndani ya upande uleule wa kulia, moja chini ya nyingine. Nikamuuliza kama saa imekamilika. Akaitazama, akasema, "Imekamilika, mwanangu." Jibu hilo lina uzito kuliko namba zilizobanwa. Alijua saa ina namba 12 na aliziandika zote, kwa hiyo ujuzi wa saa upo. Kilichokosekana ni upande wa kushoto wenyewe, na hakuhisi kwamba umekosekana.

Je, ni macho? Kiharusi kinaweza kuondoa nusu ya kushoto ya uwanja wa kuona bila kugusa uwezo wa kuujali upande huo. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hugeuza kichwa, hutafuta, na mchoro wake hukamilika hata kama anachelewa. Mzee wangu hakugeuka. Maua mawili yakamaliza ubishi: aliyachora yote mawili, lakini kila ua lilikuwa na petali za kulia tu. Kama shida ingekuwa kwenye nusu ya karatasi peke yake, ua la kushoto lingetoweka zima na la kulia lingebaki kamili. Nikaisogeza karatasi kulia kwake kabisa, na bado kila ua likakosa ubavu wake wa kushoto. Kwake upungufu ulikuwa unakifuata kitu chenyewe popote kilipowekwa. Kwa kunakili saa hakupata nafuu yoyote, ingawa mfano ulikuwa mbele yake. Mambo haya kwa pamoja huelekeza nusu ya kulia ya ubongo, hasa sehemu ya parietali, iliyo juu kuelekea nyuma, na jirani zake, na picha ya CT ilionyesha hivyohivyo.

Mlinganishe na mama aliyeumia nusu ya kushoto ya ubongo. Mchemraba wake ulikuwa mraba mmoja na kimstari kinachochomoza pembeni. Umbo la jumla lipo, pande zote mbili zipo, ila vipande vimepungua na kila mstari ulimchukua muda mrefu. Saa ya kuambiwa kwa mdomo ilimshinda, lakini alipopewa ya kunakili aliitoa vizuri zaidi. Wa upande wa kulia mara nyingi hufanya kinyume: mistari mingi, ya haraka, mingine imerudiwa, lakini vipande haviungani kuwa kitu kimoja. Huyu mama alichora kwa mkono wa kushoto, usio wake wa kawaida, kwa sababu wa kulia ulikuwa umelegea. Mistari ya kutetemeka sikuihesabu kabisa. Naangalia vipande vimekaa wapi, siangalii uzuri wa mstari.

Sasa malalamiko yangu. Muda unaotumika kwenye kipimo hiki, saa tano na dakika kumi, ulichaguliwa kwa mtego. Kwa wanaosoma saa kwa Kiingereza, kinachotajwa ni kumi na kumi na moja, na mgonjwa ambaye sehemu ya mbele ya ubongo imeumia huvutwa na ile kumi aliyoisikia: mshale mrefu anauelekeza kwenye 10 badala ya 2. Kwetu mtego umebadilika, na fomu nyingi hazijali. Mtu akiweka mshale mfupi kwenye 5, huenda amevutwa na neno, au hakuwahi kuzoea saa ya mishale, siku hizi ambapo kila mtu anatazama simu. Namwonyesha saa ya ukutani na kumuuliza ni saa ngapi. Akiisoma sawasawa, kosa la mshale mfupi nalichukulia kwa uzito. Mshale mrefu kwenye 10 nauamini zaidi, kwa kuwa dakika hazibadiliki kwa lugha yoyote. Na mkizitafsiri namba kama zilivyo mkamwambia mgonjwa "saa kumi na moja na dakika kumi", akaweka mshale mfupi kwenye 5, jamani, huyo amepatia! Msimkate alama.

Mgonjwa wa sehemu ya mbele ana alama nyingine pia: akinakili, anaweza. Mfano mbele yake unampangia kazi ambayo peke yake hakuweza kuipanga. Ndiyo maana sikubali kufanya saa moja tu. Ya kuambiwa bila ya kunakili ni nusu ya habari.

Na kuhusu kusema kosa fulani "ni la mahali fulani", nina tahadhari. Shida ya kuunda maumbo hutokea kwa kuumia upande wowote. Kwa mzee anayesahau taratibu, bila kiharusi, ramani hii inafifia, na huko nimeona watu wanaochora wakiusogelea mfano hadi wanapitisha penseli juu yake. Hilo hunielekeza zaidi kwenye ugonjwa wa Alzaima kuliko kwenye kidonda cha mahali pamoja.

Kipimo kinaniangusha kabisa kwa mtu ambaye hakusoma. Mchemraba hasa: kuchora kitu chenye kina kwenye karatasi bapa hufundishwa shuleni, na asiyefundishwa hutoa mraba kama wa yule mama huku ubongo wake ukiwa mzima. Kwa hao naiacha penseli. Napanga njiti za kiberiti mezani, pembetatu iliyokaa juu ya mraba, nampa njiti zake apange kama zangu. Ukimpata anayeacha njiti za kushoto, huku akikuambia ameshamaliza, shule haihusiki tena.