Uzoefu wangu na 74HC595: pini 3 za Arduino kuendesha rilei 8

Kwa kazi ya kuwasha na kuzima vitu vingi, 74HC595 ndiyo chipu ninayoichagua kwanza. Ina rejista mbili: ya kusogeza biti, na ya kuzishikilia, yaani lachi. Kila pigo la saa kwenye SRCLK (pini 11) huingiza biti moja kutoka SER (pini 14) na kuzisogeza zilizotangulia, huku matokeo yakibaki yalivyo. Biti 8 zikishatimia, RCLK (pini 12) ikipanda kutoka chini kwenda juu huzihamishia zote kwenye lachi kwa mkupuo. Ndiyo maana rilei hazigongigongi wakati data inapita.

Kasoro yake kubwa iko kwenye kuwasha umeme. Lachi huamka na thamani yoyote, hivyo rilei zinaweza kubana kabla programu haijaanza. Kuivuta SRCLR (pini 10) chini hakutoshi, kwa kuwa hufuta rejista ya kusogeza tu. Lachi haiguswi mpaka RCLK ipigwe. Mimi huiunga SRCLR kwenye volti 5, kisha naweka rezista ya kilo-omu 10 kati ya OE (pini 13) na volti 5. OE ikiwa juu, matokeo yote yamekatwa. Nikiipa OE waya wake wa Arduino, jumla inakuwa pini 4, na sioni hasara hapo:

```
pinMode(SER, OUTPUT);
pinMode(SRCLK, OUTPUT);
pinMode(RCLK, OUTPUT);
shiftOut(SER, SRCLK, MSBFIRST, 0);
digitalWrite(RCLK, HIGH);
digitalWrite(RCLK, LOW);
pinMode(OE, OUTPUT);
```

Mstari wa mwisho lazima ubaki mwisho. Kwenye Uno, pini ikifanywa ya kutoa bila kuandikiwa kitu huenda chini papo hapo, na hapo ndipo matokeo yanafunguliwa.

Rilei zenyewe usiziunge moja kwa moja. Kikomo cha mkondo unaopita pini ya VCC au GND ni miliampia 70 kwa chipu nzima, na koili moja ya volti 5 mara nyingi hula 70 hivi. Weka katikati ULN2803A, chipu ya transista inayobeba mkondo wa koili. Ndani yake tayari kuna diodi za kulinda koili, mradi pini yake ya 10 iungwe kwenye umeme wa rilei. Hata taa za LED zinahitaji hesabu: taa nyekundu ya volti 2 kwa rezista ya omu 220 hula karibu miliampia 14, na nane zinapita 100. Kwa omu 470 zote nane zinakula kama 51.

Kapasita ya nanofaradi 100 iwe kati ya pini 16 na 8, karibu kabisa na chipu. Michoro mingine huiweka kwenye waya wa lachi. Huko hulegeza mpando wa pigo, na lachi inaweza kushika vibaya. Dalili ya saa chafu ni biti zote kuhama nafasi moja: taa ya 3 inawaka badala ya ya 2. Fupisha waya wa SRCLK kabla hujagusa programu.

Kwa ESP32 ya volti 3.3, ukitaka chipu ibaki kwenye volti 5, nunua 74HCT595. Ile ya HC inahitaji volti 3.5 hivi ili isome 1, kwa hiyo itafanya kazi leo na kukosea kesho.